Naomba ushauri: PLC inapoteza mipigo ya sensa ya shafti

Wakuu, habari. Niko Moshi, kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Shafti ina gia ya meno 20 na sensa inasoma kila jino. Ikizunguka mara 60 kwa dakika, hesabu ni sahihi. Ikifika 900, hesabu inaanguka vibaya.

Sababu naiona. Mizunguko 900 kwa dakika ni mipigo 300 kwa sekunde, yaani mpigo mmoja kila milisekunde 3.3, na sensa huwaka nusu tu ya muda huo. PLC yangu, S7-1200, huangalia ingizo mara moja kwa kila mzunguko wa programu, karibu milisekunde 8. Katikati hapo mipigo miwili inapita bila kuonekana.

Nimehamia HSC, kaunta isiyosubiri programu, lakini kwa kasi hiyo inasoma sifuri! Nashuku filta ya ingizo: inakuja ikiwa milisekunde 6.4, na HSC nayo hupokea mipigo baada ya filta. Mpigo wa 1.7 hauwezi kupenya.

Nataka kuishusha hadi 0.4, ila inveta ya mota iko karibu, nahofia kelele zake zitahesabiwa kama meno. Aliyewahi kufunga hivi, kebo yenye shildi inatosha, au niishie 0.8?