Simu, kava na protekta kwa pamoja: niweke bei gani? (Kisumu)

DukaDogo_Ksm
Wadau, habari zenu. Nina duka dogo la simu hapa Kisumu, si mbali na stendi ya mabasi. Nimeamua kuuza simu, kava na protekta ya kioo kama kifurushi kimoja kwa 12,500. Kava peke yake huwa 500, protekta 300. Tatizo ni kwamba watu wanaingia, wanashika simu, wanauliza bei, halafu wananiambia "nakuja". Hawarudi. Bei iko juu ama ni mwezi kuwa kona? Kodi ya duka inakaribia na usingizi umepotea.

MamaUnifomu_Kakamega
Pole sana. Mimi huuza sweta, soksi na shati pamoja shule zikifunguliwa. Kanuni yangu ni moja: jumlisha vyote, toa asilimia 10. Mzazi akisikia amepunguziwa, hata haulizi tena. Mwaka huu soksi ndizo zilinisumbua, nyeupe zote ziliisha nikabaki na za kijivu ambazo hakuna shule inazitaka.

Boda_Mamboleo
Simu ina betri ya ngapi?

MzeeWaHesabu
Mama, asilimia 10 inafaa kwa sweta kwa sababu faida ya sweta ni nene. Simu si hivyo. DukaDogo, hujasema jambo moja: simu bila kava ni ngapi dukani kwako? Na wewe uliinunua kwa ngapi?

DukaDogo_Ksm
Kununua ni 10,800. Kava nachukua kwa jumla 120, protekta 50.

MzeeWaHesabu
Umejibu swali la pili. Naomba la kwanza.

DukaDogo_Ksm
Ilikuwa 12,000. Sasa haiuzwi peke yake. Nimeweka bango nje: KAVA NA PROTEKTA BURE. Na kabla mnirukie, nilipiga hesabu. Kifurushi kinaniachia 1,530. Watu 10 ni 15,300. Zamani watu 10 walikuwa wananipa 14,270, kwa sababu wanne tu ndio walichukua kava, na watatu kati yao wakaongeza protekta. Bango nimeshalilipia.

Nyalenda_Kwetu
Omera! Umeongeza 500 kwa simu halafu unaandika bure? Jirani yako wa mlango wa pili ana simu hiyohiyo kwa 12,000. Hapo mteja haoni kava, anaona duka la bei ghali.

MwalimuWaDini
Biashara ya ujanja haina baraka. Vijana wa siku hizi mnataka utajiri wa haraka.

DukaDogo_Ksm
Mwalimu, 1,530 si utajiri. Na si ujanja. Kava ya 500 na protekta ya 300 ni 800, mimi nimeongeza 500 tu. Mteja bado anapata nafuu.

MzeeWaHesabu
Anapata nafuu yule aliyekuwa anazitaka zote mbili. Kati ya watu wako 10 hao ni watatu. Yule wa nne alitaka kava tu, na kwake 12,500 ni bei ileile ya zamani, umempa protekta ya zawadi. Sita waliobaki hawakutaka chochote zaidi ya simu. Hao unawaambia waongeze 500 ama waende.

Sasa angalia 15,300 yako. Inasimama tu ikiwa wote 10 watanunua. Mmoja akitoka mlangoni unabaki na tisa, 13,770, na tayari uko chini ya ile 14,270 ya zamani. Mmoja tu. Wewe umesema wanaotoka ni wengi.

Rudisha simu kwa 12,000 na uiandike hivyo, maana hiyo ndiyo bei ambayo kila mtu anailinganisha kutoka duka hadi duka. Bei ya kava hakuna anayeilinganisha. Weka kifurushi kando yake. Ukikiweka 12,500, inabidi watatu kati ya wale sita wabadili mawazo ndipo upite faida ya zamani, kwa kuwa wale wanne wa awali sasa wanakuachia faida ndogo kuliko mwanzo. Ukikiweka 12,600, wawili wanatosha: sita kwa 1,630 ni 9,780, wanne wa simu tupu ni 4,800, jumla 14,580. Na punguzo la 200 ni la kweli, mtu anaweza kulihesabu mwenyewe kwenye karatasi ya bei.

MamaUnifomu_Kakamega
Kwa hivyo asilimia 10 ingempa ngapi?

Nyalenda_Kwetu
12,800 toa 1,280 ni 11,520. Faida 550 kwa simu, kava na protekta zote. Angekuwa anafungua duka kwa ajili ya kuwaburudisha wateja.

WakiliWaMtaani
Na hilo bango lishuke. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba kuna unafuu wa bei ambao haupo. Simu ilikuwa 12,000, leo ni 12,500 na kava "bure". Bure iko wapi?

DukaDogo_Ksm
Maduka mangapi yana mabango kama hayo? Nianze mimi kushtakiwa?

JichoKali
Samahani, nyote mnachezewa. Huu uzi umetungwa. Duka gani la stendi lina rekodi ya nani alichukua kava na nani alichukua protekta? Wanne kati ya 10, watatu kati ya wanne, gharama zote zimenyooka bila senti. Hii ni kazi ya darasani ya mwanafunzi wa biashara, Mzee amemfanyia bila malipo.

Boda_Mamboleo
Nilijua. Hata betri hajajibu.

DukaDogo_Ksm
JichoKali, rekodi ninayo kwa sababu kijana wangu wa duka nilikuwa namlipa 50 kwa kila kava anayouza. Anachora mstari nyuma ya kitabu cha risiti, na protekta anaweka duara. Jumamosi tunahesabu pamoja, na tunagombana kuhusu mistari iliyofutika. Mwanafunzi gani atatunga hilo?

MzeeWaHesabu
Ngoja. "Nilikuwa"?

DukaDogo_Ksm
Tangu kava iwe ndani ya simu nilisimamisha. Hakuna anachouza sasa, kava inaenda yenyewe.

Nyalenda_Kwetu
Haiendi yenyewe, si umetuambia watu wanatoka? Zamani kijana aliitoa kava kwenye nailoni, akaivalisha simu, akampa mteja aishike. Sasa anakaa kwenye stuli anaangalia simu yake.

MzeeWaHesabu
Basi sijui tena ni bei peke yake inayowafukuza, na wewe pia huwezi kujua, kwa maana umebadilisha vitu viwili siku moja. Mrudishie 50 kwa kila kifurushi. Kwa 12,600 unabaki na 1,580, na hesabu ya watu wawili bado inashika. Acha bei zote mbili ukutani, aendelee kuchora mistari, kifurushi alama yake na simu tupu alama yake.

JichoKali
Bado siamini. Weka picha ya hicho kitabu.

DukaDogo_Ksm
Kina namba za wateja, siweki. Kijana nitamrudishia. Bei ya 12,000 nitaiandika, lakini kifurushi kitabaki 12,500, hiyo 600 inasikika vibaya. Bango nitalifunika sehemu ya BURE kwa karatasi mpaka nipate pesa ya lingine.

MzeeWaHesabu
Kwa 12,500, ukimlipa kijana unabaki na 1,480, na faida ya zamani ukitoa zile 50 zake ilikuwa 14,070, kwa hivyo watatu hawatoshi tena, uwe na wanne kati ya wale sita. Wakikosekana panda 12,600, isikike inavyosikika.

MamaUnifomu_Kakamega
Na mteja akirudisha simu mbovu, kava anabaki nayo?

WakiliWaMtaani
Inategemea risiti imeandikwaje. DukaDogo, unaandika kila kitu na bei yake ama unaandika "kifurushi" tu?

Boda_Mamboleo
Kwa hivyo 12,000 imerudi? Nina mteja wa Kondele saa kumi, nikimshusha napitia hapo. Kava sitaki.