Soda ziro, maji ya ndimu, au soda ya sukari mara moja kwa wiki: ipi inafaa kwa anayepunguza mafuta mwilini?

Viungo_Marikiti
Assalam aleikum jamaa. Nauza viungo Marikiti, niko dukani toka saa mbili asubuhi hadi magharibi, na joto la Januari hii mnalijua. Kwa miaka mingi nilikunywa soda ya sukari chupa mbili za nusu lita kila siku, moja baada ya chakula cha mchana, ya pili saa kumi. Mwisho wa Oktoba nilikuwa na kilo 94, nikahamia soda ziro, chupa zilezile mbili kwa saa zilezile. Wiki sita nikashuka hadi 90 na nusu. Tangu hapo, wiki ya tano hii, mzani haujasogea. Na ikifika saa kumi na moja jioni njaa hunishika vibaya, jambo ambalo zamani halikuwepo. Nisaidieni kulinganisha: nibaki na ziro, nihamie maji ya ndimu, au nirudi soda ya kawaida lakini Ijumaa tu?

Mpiga_Chuma_Likoni
Ziro ndiyo inayokukwamisha, kaka. Ulimi ukionja utamu, mwili humwaga insulini ukingoja sukari. Sukari haiji, ya damu inashuka, basi njaa inakupiga. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba vitamu hivi vya badala ya sukari visitumiwe kupunguza uzito. Hamia madafu, ni maji ya Mungu.

Bi_Lishe_Tudor
Mpiga Chuma, mwanangu, ushauri huo wa 2023 upo kweli, lakini usome hadi mwisho. Ni ushauri wenye masharti, na hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hofu yake kubwa ilitoka kwa watu waliofuatiliwa miaka mingi, na humo kuna fundo: anayenenepa ndiye anayekimbilia ziro, kwa hiyo ukimkuta mnene na chupa mkononi hujui kipi kilitangulia. Kwenye majaribio ambapo watu waligawiwa vinywaji kwa kura, wa vitamu walipungua kidogo, chini ya kilo moja kwa wastani.

Habari ya insulini, kwa aspatemu, ambayo ndiyo utaikuta kwenye soda ziro nyingi, watu wakipimwa damu baada ya kunywa, mara nyingi hakuna la maana linalobadilika. Sukralozi na sakarini ndizo zenye mjadala: jaribio moja la 2022 liliona sukari ya damu ikipanda zaidi baada ya mlo kwa baadhi ya watu, si wote. Na dafu si maji matupu. Lina sukari yake, kiasi cha kalori 50 au 60 kwa dafu moja. Ni kidogo, lakini ukinywa manne kwa siku uzihesabu.

Sasa wewe wa Marikiti. Soda uliyoacha ina takriban gramu 53 za sukari kwa nusu lita, yaani kalori 210 hivi. Mbili ni 420 kwa siku. Ukizikusanya kwa wiki sita unapata kama kilo mbili na kitu za mafuta, kwa hiyo kushuka kwako mwanzoni kunaeleweka, na sehemu iliyobaki huenda ni maji ya mwili. Lakini akiba hiyo unaivuna mara moja tu. Mwili mwepesi unatumia nishati kidogo kuliko ule wa kilo 94, na ziro haikupunguzii tena kitu ambacho hunywi.

Swali langu: saa kumi unakunywa hiyo ziro na nini?

Viungo_Marikiti
Bi Lishe, umenigusa. Jirani anakaanga bhajia na kachiri za muhogo. Zamani sikununua, soda ilinitosha. Sasa nachukua karatasi ya kachiri, nikijiambia kinywaji hakina kitu, kwa hiyo nina nafasi.

Bi_Lishe_Tudor
Ndipo penyewe. Gramu 100 za kachiri zilizokaangwa hukaribia kalori 500. Karatasi ya gramu 50 peke yake inazidi ile soda uliyoiacha ya saa kumi.

Na njaa hiyo nisingeitwisha ziro lawama mapema. Zamani saa kumi ulikuwa ukiingiza kalori 210. Ulizitoa, hukuweka chochote mahali pake, na kutoka chakula cha mchana hadi magharibi ni mbali. Jaribu hivi: wiki mbili kunywa ziro saa kumi, wiki mbili zinazofuata kunywa maji baridi ya ndimu saa hiyohiyo, bila kubadilisha chakula. Kila siku saa kumi na moja andika njaa yako kwa namba, 0 hadi 10, na uandike pia kama ulinunua kachiri. Pima uzito asubuhi kabla ya kula na utazame wastani wa wiki, maana siku moja ya chumvi nyingi inaweza kuongeza kilo nzima ya maji. Njaa ikiwa sawa pande zote mbili, shida ni mlo wako wa mchana. Ikishuka wazi ukiwa na maji, basi kwako wewe utamu unaamsha hamu, na hilo hutokea kwa baadhi ya watu.

Binti_Mji_wa_Kale
Samahani naingilia. Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Nimeona aspatemu hapa. Naweza kuitia kwenye shira ya kaimati za Ramadhani?

Bi_Lishe_Tudor
Aspatemu ikichemka muda mrefu huvunjika na utamu unapotea, haifai kwa shira. Sukralozi na stivia hustahimili moto, ila shira haitakuwa nzito kama ya sukari, na kaimati yenyewe bado ni unga na mafuta. Kubwa zaidi, binti: mama akitetemeka na kutoka jasho kwa sukari kushuka, ziro haimwokoi hata kidogo. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida, kama glasi moja ndogo, mililita 150 hivi, umpime tena baada ya robo saa. Weka chupa ya soda ya sukari nyumbani kando, na kila mtu aijue, kwa sababu chupa mbili hizi hufanana na mtu akiwa na hofu huchukua iliyo karibu.

Mpiga_Chuma_Likoni
Hilo la kuchanganya chupa nimeliona kwa macho yangu kwa jirani. Haya, insulini nimekubali. Lakini maji bado nayaona bora.

Karani_Kizingo
Si rahisi hivyo, Mpiga Chuma. Kuna jaribio la mwaka mzima Marekani, 2016, ambapo wa ziro walipungua zaidi ya wa maji. Ila lililipiwa na chama cha watengenezaji vinywaji, na mimi siwezi kulisoma bila kukumbuka hilo. Huko Irani, 2015, wanawake waliokunywa maji baada ya chakula cha mchana badala ya soda ya ziro walipungua zaidi. Tofauti ya Marekani ilikaribia kilo nne, ya Irani kilo moja hivi. Mimi nachukua hivi: ziro ni ngazi ya kushukia kutoka soda ya sukari, halafu ikiwezekana ushuke hadi maji.

Bi_Lishe_Tudor
Karani, sipingi sana, ila kuna anayebaki kwenye ngazi hiyo miaka kumi bila tatizo, na ukimnyang'anya anarudi kwenye sukari. Huyo simgusi. Ile ya Ijumaa tu nayo ni halali kabisa kihesabu, kalori 210 kwa wiki si kitu. Tatizo ni kama Ijumaa inavuta Jumamosi. Wewe Viungo unajijua?

Viungo_Marikiti
Najijua, na inavuta. Basi hiyo naiacha. Jumatatu naanza na ziro, na saa tisa u nusu nitakula mayai mawili ya kuchemsha nitakayotoka nayo nyumbani.

Bi_Lishe_Tudor
Mayai subiri. Ukiyaingiza sasa hutajua kilichokusaidia ni yai au maji. Wiki nne kwanza.

Viungo_Marikiti
Sawa, Bi Lishe. Na kachiri, ninunue au nisinunue?

Bi_Lishe_Tudor
Ukizitaka, nunua, na uandike.