Barua mbili za "hifadhi imejaa": ipi ya kweli, na je, nilipie?

DagaaKibirizi: Wadau, habari za jioni. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na picha za mizigo na za risiti zote zimo kwenye akaunti yangu ya Gmail. Wiki hii zimekuja barua pepe mbili. Moja inasema nimetumia asilimia 96 ya GB 15. Nyingine inasema picha zangu zitafutwa leo usiku nisipolipa kwa kadi, eti kuna punguzo la asilimia 80. Niamini ipi? Nilipie au nisafishe?

MzeeUjiji: Mwanangu, zote za matapeli. Google hawaombi hela kwa barua. Futa.

FundiIsevya: Shikamoo mzee. Ya pili ni tapeli, ila ya kwanza inaweza kuwa halali, maana Google huonya nafasi ikikaribia kujaa na huweka kitufe cha kununua. Dada, usibonyeze kitu ndani ya barua yoyote. Andika mwenyewe one.google.com/storage, uone panasemaje.
Kuangalia kiungo pekee hakutoshi. Wapo wanaotumia storage.googleapis.com, ambalo ni ghala la Google kweli, lakini mteja yeyote anaweza kuweka kurasa zake humo. Kinachomuumbua huyu ni hiyo "leo usiku". Nafasi ikijaa, kwanza barua pepe hukwama. Kufutiwa vitu kunaweza kuja ukikaa umezidisha kiwango kwa miaka 2.

Juma_Mwanga: Hata yangu iligoma kupiga picha. Nikaweka memori kadi ya GB 32, ikatulia. Nunua kadi dada.

FundiIsevya: Juma, hiyo ni nafasi ya simu. Yake ni ya akaunti, kadi haiigusi.

DagaaKibirizi: Nimefungua. Imetumika GB 14.4: nakala za WhatsApp 7, picha 6.1, Gmail 1.3. Kumbe ya kwanza ilikuwa kweli!

FundiIsevya: Basi usihangaike na barua pepe, mzigo uko WhatsApp. Ingia mipangilio, soga, nakala ya soga, zima kujumuisha video, kisha tengeneza nakala upya ukiwa na bando la kutosha. Video zenyewe zinabaki kwenye simu, ila simu ikipotea nazo zimekwenda. Za muhimu zihamishie kwenye flashi kwanza.

BintiTabora: Mimi ningelipia GB 100. Biashara haitaki kukaa ukifutafuta.

MzeeUjiji: Kulipa kila mwezi kwa video za harusi za watu?

DagaaKibirizi: Nakala imeshuka hadi GB 1.8, jumla sasa 9.2. Lakini onyo jekundu bado linaruka kwenye simu, hata nikiwa sijafungua kitu.

FundiIsevya: Kuna tovuti uliiruhusu ikutumie arifa. Fungua Chrome, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, kisha zuia usiyoitambua. Hiyo kadi ya benki, uliandika namba popote?

DagaaKibirizi: Mimi hapana. Mdogo wangu alishika simu jana, ngoja nimuulize.