Eti "3 ni kubwa kuliko 2, hata mtoto wa P.3 anajua"! Yule bwana wa skrini-shoti amenifikisha

Muwa_wa_Jinja (mwenye uzi)

Wakuu, nina hasira hadi simu inatetemeka mkononi. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule anayepita kwenye nyuzi za watu, anaacha skrini-shoti moja na emoji tatu za kucheka, kisha anapotea kama teksi iliyoona trafiki mbele. Leo kapita kwangu.

Niliandika jambo lisilo na ubishi: matrisi ikiwa linganifu, uwiano wa Rayleigh hauvuki thamani ya aigeni iliyo kubwa kuliko zote, wala haushuki chini ya iliyo ndogo kuliko zote. Chukua vekta yoyote isiyo sifuri, piga x·Ax, gawa kwa x·x. Utabaki humo humo. Huchomoki hata ukodi boda.

Akaja. Akabandika matrisi yake, juu 2 na 2, chini 0 na 2. Thamani za aigeni ni 2 na 2. Vekta yake (1, 1). Uwiano ukatoka 3. Kisha akaniandikia mbele ya kadamnasi: "Sebo, 3 ni kubwa kuliko 2. Hata mtoto wa P.3 anajua."

Mtoto wa P.3! Mimi! Uzi mzima ukacheka, nadhani hata marabu wa Kampala walitua kwenye waya kunicheka. Nikamwambia matrisi yako siyo linganifu, bwana. Akajibu kwa neno moja: "P.3." Wakuu, mnaona ustaarabu huo? P.3!

Kalo_Kavu

Pole. Ila umeandika aya nne na hakuna hata moja inayosema KWA NINI uwiano hauvuki. Kwa hapo ulipofika, P.3 ni kukupandisha daraja.

Muwa_wa_Jinja

Na wewe tena! Mimi nimekuja kulia, sikuja kufundisha.

Duka_la_Kona

Kwani si bei ya mchanganyiko tu? Tuseme una maharage ya shilingi 3,000 kwa kilo na mengine ya 1,000. Changanya kilo 9 za ghali na kilo 1 ya rahisi, mchanganyiko unakutoka 2,800 kwa kilo. Changanya utakavyo, nani atakufikisha 3,200? Nani atakushusha hadi 800? Thamani za aigeni ndizo bei, vekta yako ndiyo inayosema umechota kiasi gani kila gunia. Yamekwisha.

Kalo_Kavu

Safi. Sasa mbona huyo bwana kachota 3 kwenye magunia mawili ya 2?

Duka_la_Kona

Hapo mizani imechezewa. Zaidi ya hapo sijui, nina wateja.

Nalongo_wa_Mizani

Duka kasema kweli, na mizani kweli imechezewa, ila nyote mnabishana juu ya 3 bila kuuliza ile matrisi ilizaliwa wapi. Nimeutazama uzi wa kwanza. Bwana yule alianza na 2x² + 2xy + 2y², akataka kuigeuza matrisi. Zile 2 za x² na y² akaziweka kwenye ulalo, sawa. Ile 2 ya xy akaisukuma yote kona ya juu kulia, na kona ya chini akaacha 0. Kosa ni hilo. Kigawo cha xy hugawiwa kona mbili nusu kwa nusu, yaani 1 juu na 1 chini. Matrisi linganifu ya hesabu yake ni 2 na 1 juu, 1 na 2 chini. Thamani zake za aigeni ni 1 na 3.

Kinachowachanganya watu ni kwamba x·Ax inatoka ile ile kwa matrisi zote mbili, kwa vekta yoyote utakayoweka. Jaribu (1, 2): yake inatoa 14, hii nayo inatoa 14, na 14 kwa 5 ni 2.8. Juu ya mstari hazitofautiani. Zinatofautiana kwenye thamani za aigeni. Kwa hiyo alipima kwa mizani moja na kusoma bei kwenye ubao wa duka jingine. Na ile 3 yake haijavuka paa lolote. Imegusa paa halisi, maana (1, 1) ndiyo vekta ya aigeni ya 3.

Muwa_wa_Jinja

MMESIKIA? Imegusa paa! Na mimi ndiye niliyeitwa mtoto wa P.3!

Kalo_Kavu

Wewe ulisema "siyo linganifu" ukaishia hapo. Nalongo ndiye aliyefanya kazi.

Nalongo, hizo kilo 9 na kilo 1 za Duka zinatoka wapi kwenye (1, 2)? Au alibahatisha?

Nalongo_wa_Mizani

Hata kama alibahatisha, zinakaa barabara. Vekta za aigeni za ile matrisi linganifu ni mbili, moja inaelekea (1, 1) na nyingine (1, -1), na zimekutana kwa digrii 90. Ukiiangusha (1, 2) kwenye mhimili wa kwanza, mraba wa kivuli chake ni 4.5. Kwenye mhimili wa pili ni 0.5. Jumla ni 5, ambayo ndiyo x·x yenyewe. Gawa, unapata 0.9 na 0.1. Kisha 0.9 mara 3 na 0.1 mara 1, unarudi kwenye 2.8.

Ulinganifu unafanya kazi hapo kwenye digrii 90. Mihimili ikiwa imesimama wima kwa wima, hakuna kipande cha mhimili mmoja kinachomwagikia mwingine, hivyo uzito wote ni miraba. Miraba haiwi hasi, na ukishagawa kwa x·x jumla yake ni 1. Mchanganyiko wa namna hiyo hauna pa kutokea. Matrisi isiyo linganifu haikuahidi mihimili ya digrii 90, na ile ya bwana yule haina hata mihimili miwili: ina mmoja tu, wa (1, 0).

Asiyependa mihimili na aitazame hivi. Kwa vekta (a, b), uwiano wa matrisi hii ni 2 + 2ab/(a² + b²). Kwa kuwa (a − b)² haiwi hasi, 2ab haiwezi kuizidi a² + b², basi kipande cha nyuma hakivuki 1. Geuza alama, (a + b)², nacho hakishuki chini ya −1. Ndiyo maana ni 1 hadi 3.

Baiskeli_ya_Soroti

Habari zenu. Rale yangu ya zamani gurudumu la nyuma limepinda nikibeba matoke. Uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma unahusika?

Kalo_Kavu

Mzee, huyu ni Rayleigh mwingine.

Baiskeli_ya_Soroti

Lakini mmesema uwiano.

Kijana_wa_Wandegeya

Nami niongeze. Faida ya haya ni kwamba ukipata uwiano ulio sawa kabisa na thamani ya aigeni, unajua vekta uliyoshika ni vekta ya aigeni. Njia rahisi ya kuzitafuta.

Nalongo_wa_Mizani

Nusu, mwanangu. Ukigusa paa au ukigusa sakafu, ndiyo, maana huwezi kufika 3,000 kwa kilo bila kutupa maharage yote ya bei nyingine. Katikati hapana. Chukua matrisi yenye 1, 2, 3 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. Vekta (1, 0, 1) inatoa 4 kwa 2, yaani 2. Lakini matrisi inaipeleka kuwa (1, 0, 3), na hiyo siyo mara mbili ya (1, 0, 1). Nusu ya 1 na nusu ya 3 zimekutana kwenye 2 kwa bahati tu. Ukitaka uhakika, piga Ax utoe uwiano mara x, uone kama panabaki sifuri.

Kijana_wa_Wandegeya

Nimepokea, Nalongo. Ila mimi kompyuta ndiyo iliyoniponza. Nilidhani `eigvalsh` ingelalamika nikiipa matrisi isiyo linganifu. Ikanyamaza.

```python
import numpy as np
B = np.array([[2., 2.], [0., 2.]])
np.linalg.eigvalsh(B)              # 2 na 2
np.linalg.eigvalsh(B, UPLO='U')    # 0 na 4
np.linalg.eigvalsh((B + B.T) / 2)  # 1 na 3
```

Matrisi moja, majibu matatu! Bila kuambiwa, inasoma nusu ya chini tu na kuchukulia nusu ya juu ni kioo chake. Ukiiambia `'U'` inasoma ya juu. Nadhani bwana yule aliangukia mstari wa kwanza, akaona 2 na 2, akafungua mdomo. Ule wa mwisho ndio wa kuandika.

Muwa_wa_Jinja

AKAFUNGUA MDOMO. Akasema P.3.

Nguzo_na_Zege

Nyinyi mnacheza na 2 kwa 2, sisi wa majengo tunaumia. Tunatumia uwiano huu kukisia mtetemo wa chini wa jengo, na watu bado wanagawa kwa x·x. Unagawa kwa x·Mx, M ikiwa matrisi ya uzito wa sakafu. Sakafu zikiwa sawa unaponea. Ghorofa mbili, ugumu k kila moja, uzito m kila sakafu, ukikisia umbo (1, 2) unapata 0.4 k/m kwa mraba wa kasi ya mtetemo. Jibu kamili ni karibu 0.382. Kisio limekaa juu kidogo, na litakaa juu daima, maana sakafu ya uwiano ndiyo jibu lenyewe. Sasa weka tangi la maji juu ya ghorofa ya pili halafu ugawe kwa x·x, uone aibu.

Kalo_Kavu

Kisio la kasi likiwa juu ndiyo salama au ndiyo hatari?

Nguzo_na_Zege

Inategemea unachoogopa. Kuna mtu ofisini anasema salama siku zote, na simtaji.

Duka_la_Kona

Kila mtu humu ana mtu wake asiyemtaja.

Kijana_wa_Wandegeya

Na je, mimi niliyepata 3.0000000000000004? Nimevuka paa au sijavuka?

Kalo_Kavu

Hiyo ni mikwaruzo ya kompyuta. Usilinganishe kwa `<=` tupu, acha nafasi kidogo.

Kijana_wa_Wandegeya

Kidogo kiasi gani?

Nguzo_na_Zege

Kwanza mnijibu la tangi.

Baiskeli_ya_Soroti

Mbele meno 48, nyuma 20. Nimehesabu mara mbili.

Muwa_wa_Jinja

Jamani, uzi ni wangu! P.3!

Duka_la_Kona

Mzee wa Soroti, njoo dukani, nina spoku.