Kugonga mihuri vyeti vya kwenda nje: niende mwenyewe, nimpe dalali, au tafsiri nifanyie hapa Tanga?

Mama_Nasra
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mume wangu anataka vyeti vyetu vitiwe mihuri na vitafsiriwe, mimi na mtoto tupate kumfuata. Niko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano. Nina njia tatu na nashindwa kuchagua. Kuna dalali wa Dar anataka laki tatu na nusu kwa kila kitu, nimpe vyeti nikae nyumbani nisubiri. Kuna wakili hapa mjini, yeye anasema atatafsiri na kugonga mhuri wake siku hiyo hiyo kwa elfu themanini. Au nipande basi niende mwenyewe ofisi moja baada ya nyingine. Aliyepitia haya anishauri, nina miezi miwili tu.

Kijana_Raskazone
Usihangaike na ofisi tatu tatu dada. Siku hizi kuna apostili, mhuri mmoja tu na dunia nzima inaupokea. Binamu yangu aliyesoma Bujumbura alipata wa kwake asubuhi, jioni akatuma vyeti ng'ambo.

Karani_Mstaafu
Wa alaykum salaam, mama Nasra. Kabla hatujakushauri kitu, hujatwambia unakwenda nchi gani. Bila hilo kila mtu hapa atakujibu habari za nchi yake. Tena vyeti gani hasa, vimetolewa wapi, na hizo karatasi zimetakiwa na nani: ubalozi, mwajiri wa mumeo, au uhamiaji wa huko?

Kijana, binamu yako hajakudanganya, ila Burundi imo kwenye Mkataba wa Hegi wa 1961 na sisi Tanzania hatumo. Apostili inataka nchi zote mbili ziwe ndani, inayotoa cheti na inayokipokea. Anayekuuzia apostili ya cheti cha Tanzania anakuuzia karatasi yenye urembo.

Mama_Nasra
Samahani mzee wangu. Ni Omani, Maskati. Mume ana kazi huko mwaka wa tatu sasa na anafuatilia viza ya familia. Vyeti ni viwili, cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto, ambaye alizaliwa Bombo mwaka 2017. Vyote viko salama, nimevipiga laminesheni visichakae.

Karani_Mstaafu
Basi hapo kwenye laminesheni ndipo pa kuanzia, mama, wala si kwa dalali.

Omani imo kwenye apostili tangu 2012, lakini kwa kuwa sisi hatumo, utafuata mlolongo wa zamani. Cheti cha kuzaliwa kinathibitishwa kwanza na RITA waliokitoa. Kisha kinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Omani Dar es Salaam, na kikifika Maskati mumeo anakipeleka wizara ya kwao ya mambo ya nje. Kila ofisi inamthibitisha aliyetangulia, basi. Wizara haisemi kwamba mtoto kweli alizaliwa Bombo. Inachosema ni kwamba saini ya huyo afisa wa RITA inaijua, imelinganisha na sampuli iliyo nayo. Ubalozi nao unaitazama saini ya Wizara tu. Ndiyo maana huwezi kuruka ngazi, na ndiyo maana mhuri wa wakili wa Tanga, hata awe hodari vipi, ubalozini haumsaidii mtu aliyeruka Wizara.

Sasa, mhuri hugongwa kwenye karatasi yenyewe, mara nyingi nyuma. Wino haushiki kwenye nailoni, tena afisa anataka kuishika karatasi aone kama imechezewa. Usijaribu kuibandua kwa pasi ya moto kama wanavyofundishana mitaani, wino unabaki kwenye plastiki. Omba nakala mpya kupitia eRITA kwa namba ya ingizo iliyo kwenye cheti, na nakala hiyo ndiyo iende safari. Hicho cha laminesheni kibaki kabatini.

Muheza_Machungwa
Mimi mwanangu kamaliza kidato cha nne anataka kwenda kusoma Uturuki. Na yeye aende RITA?

Karani_Mstaafu
Cheti cha shule kinathibitishwa na NECTA, ndugu. Kanuni ni ile ile, unaanza kwa aliyekitoa. Ila fungua uzi wako, tusimchanganye mama Nasra.

Dada_Pangani
Nami nimefanya ya Omani, niwahi kusema kabla hujalia kama mimi. Njia zote tatu ulizotaja zinaweza kukuangusha kama hujui nini kinatangulia nini.

Mimi nilimpa mtu kama huyo dalali wako. Alichofanya ni kuanza na tafsiri, kwa kuwa ofisi ya tafsiri ilikuwa jirani naye. Cheti cha mwanangu kikatafsiriwa Kiarabu kikiwa kitupu, ndipo kikapelekwa kugongwa mihuri. Kikarudi kimejaa, nyuma hapana nafasi, nikafurahi kweli. Kufika Maskati mume anaambiwa tafsiri hii si ya karatasi hii. Karatasi ina mihuri mitatu, maneno ya Wizara, tarehe na jina la afisa, na kwenye tafsiri hakuna hata kimoja. Mtafsiri anayeapa hutafsiri kila kilicho kwenye karatasi, mpaka maneno ya mviringo ndani ya mhuri. Kwa hiyo tafsiri huja mwisho, mihuri ikishakamilika.

Hilo la kwanza. La pili, mume wangu anaitwa Omari. Kadi yake ya ukaazi imeandikwa Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni, ayn, mim, ra. Huyo mtafsiri wa Dar kaliandika kwa sauti, kaanza na alifu na wau, kamalizia na ya. Ukilisoma unasikia Omari kabisa. Lakini karani wa kule haangalii sauti, anaangalia herufi, akasema baba wa mtoto huyu si mwenye kadi hii. Na tarehe, mtoto kazaliwa tarehe 3 mwezi wa 7, tafsiri ikasema tarehe 7 mwezi wa 3. Tukafanyia tafsiri upya huko huko, kwenye ofisi yenye leseni ya tafsiri za kisheria, mume akapeleka kadi yake wanakili jina lilivyo. Siku mbili ikaisha. Mimi nilikuwa nimeshapoteza wiki sita na tiketi nimeisogeza mara mbili.

Ushauri wangu: mihuri pigia Tanzania, tafsiri ya Kiarabu ifanyike Maskati.

Kijana_Raskazone
Kwani lazima ofisi yenye leseni? Ustadhi wetu wa madrasa hapa Raskazone anaandika Kiarabu kuliko hao Waarabu wenyewe.

Dada_Pangani
Hakuna aliyesema hajui. Wanachotaka ni mtu wa kumshika ikitokea kakosea. Ustadhi akikosea tarehe utamshtaki wapi?

Mzee_wa_Chumbageni
Mnamtisha binti bure. BAKITA wako Dar, ni taasisi ya serikali, wanatafsiri na wanagonga mhuri wa kuithibitisha tafsiri. Mimi karatasi zangu zilipita kwao na sikuulizwa na mtu. Siku hizi kila mtu anakimbilia tafsiri za ng'ambo kama vile sisi hatuna wasomi.

Karani_Mstaafu
Mzee mwenzangu, za kwako zilikwenda nchi gani, na kwa lugha gani?

Mzee_wa_Chumbageni
Uingereza. Ilikuwa hati ya mirathi ya Kiswahili kwenda Kiingereza.

Karani_Mstaafu
Basi ulifanya sawa, na mama Nasra naye anaweza kuwahitaji, inategemea cheti cha ndoa kiko kwa lugha gani. Kama ni cha Kiswahili, mumeo aulize ofisi ya tafsiri ya Maskati mapema kama wana mtu wa Kiswahili, au wanataka Kiingereza kwanza. Wakitaka Kiingereza, hapo BAKITA wanaingia, lakini jua kwamba tafsiri yao nayo ni hati ya Tanzania, itahitaji mhuri wa Wizara na wa ubalozi kama cheti chenyewe.

Na jingine, kwa yeyote. Tafsiri hufungwa pamoja na cheti kwa pini, na mhuri unagongwa ukipanda karatasi zote mbili. Ukifika duka la fotokopi usimruhusu kijana aing'oe pini. Nimewahi kumwona mtu amerudishwa dirishani kwa ajili ya matundu manne badala ya mawili. Mashine imeshindwa? Kunja ukurasa, piga picha kwa simu, lakini pini ibaki.

Muheza_Machungwa
Dalali wa laki tatu na nusu si ghali hata hivyo. Nauli ya Dar kwenda na kurudi, kulala, kula, na Wizara makao yake yako Mtumba, Dodoma. Hata kwa treni ya umeme, ni siku zako mbili zimekwenda.

Karani_Mstaafu
Si ghali kama anajua kazi. Muulize swali moja tu: tafsiri unafanya lini? Akisema mwanzo, achana naye. Na usimpe cheti halisi bila kuandikishana amepokea nini, tarehe gani. Kabla ya kusafiri piga simu Wizara, uulize karatasi za Omani wanapokelea ofisi ya Dar au Dodoma.

Mama_Nasra
Allah awalipe. Kwa hiyo wakili nimemtoa. Nimeshaomba nakala mpya ya cheti cha mtoto leo mchana. Nimetafuta na cha ndoa humo kwenye eRITA lakini hakionekani kabisa, naandika majina yote mawili hakiji.

Karani_Mstaafu
Ndoa mlifungia wapi?

Mama_Nasra
Pemba, Wete. Kwetu ni huko, nilikuja Tanga baada ya kuolewa.

Karani_Mstaafu
Mama Nasra! Hilo lilitakiwa kuwa sentensi yako ya kwanza. RITA ni ya Bara. Ndoa ya Wete iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, hata ukitafuta mwaka mzima kwenye eRITA hutaikuta. Una vyeti viwili vyenye njia mbili. Cha mtoto kinapita RITA, cha ndoa kinaanzia visiwani.

Dada_Pangani
Si bora zaidi hivyo? Wizara ina ofisi Unguja, na Omani wana ubalozi mdogo pale pale. Cha ndoa kinamalizika chote Unguja bila kugusa Dar.

Mzee_wa_Chumbageni
Na cha mtoto aende nacho huko huko, aue ndege wawili.

Karani_Mstaafu
Hapo mimi siwezi kumwambia nenda. Cheti cha RITA kimesainiwa na afisa wa Bara, sasa kama ofisi ya Unguja inazo sampuli za saini za RITA ndilo swali la kuwauliza kwa simu kabla hujapanda boti. Na hicho cha ndoa, ni kile alichoandika kadhi kwa mkono, au kile cha kuchapwa cha Wakala?

Mama_Nasra
Cha mkono. Tena juu jina langu limeandikwa Mwanahamisi na pasi yangu inasema Mwanakhamis.

Dada_Pangani
Ya Rabi.

Kijana_Raskazone
Kwani boti ya Pemba kutoka Tanga siku hizi inaondoka siku gani?

Mama_Nasra
Hata mimi naulizia. Wacha kwanza nimpigie mama Wete, aangalie kama kadhi aliyetuozesha bado yupo.