Histogramu ya alama za hisabati: nguzo za kompyuta hazilingani na hesabu yangu ya mkono

MwalimuLurambi
Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha hisabati Fomu ya Tatu hapa Kakamega, na Ijumaa tuna kikao cha idara. Nataka kuonyesha jinsi alama za mtihani wa katikati ya muhula zilivyotawanyika, kwa sababu wastani wa 42 umeshazua maneno na hausemi ni nani hasa ameanguka.

Wanafunzi ni 48, alama ziko kwenye Excel, B2 hadi B49. Kwanza nilichora nguzo nne: 0–24, 25–49, 50–74 na 75–100. Zikatoka 11, 18, 16 na 3. Darasa likaonekana la kawaida, wengi katikati. Lakini mimi niliyesahihisha karatasi zile sikuona hivyo, nikaamua kupunguza upana hadi alama kumi kumi. Niliandika 10, 20, 30 mpaka 100 kwenye safu ya D, kisha nikatumia FREQUENCY.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa mkono, kwa vistari kwenye daftari, kikundi cha 20–29 kina watoto 11. Kompyuta inasema 13. Cha 30–39 kina 8, kompyuta inasema 6. Nimehesabu mara tatu. Nimekosea wapi? Na je, hivi vikundi vya kumi vinatosha?

Kondele_77
Mwalimu, usihangaike na kumi kumi. Tumia vikundi vya gredi zenu, ndivyo mkuu wa idara atakavyoelewa. Sisi huku Kisumu tuna E 0–29, D 30–39, C 40–59, B 60–79, A 80 kwenda juu. Nguzo tano tu. Halafu usiache mapengo kati ya nguzo: bofya nguzo kwa kitufe cha kulia, chagua Format Data Series, weka Gap Width 0%. Bila hivyo hiyo si histogramu, ni grafu ya nguzo ya kawaida.

MamaWaNjoro
Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu alipata 41 na wastani wa darasa lao ni 42. Hiyo histogramu itanionyesha amekuwa nambari ngapi?

TakwimuMumias
Mama, nafasi yake hutaiona humo, kwa sababu nguzo huonyesha ni wangapi wako kwenye kikundi, si nani amemtangulia nani. Lakini usiuone wastani kama mahali walipo watoto wengi. Mfano wa mwalimu utakuonyesha hilo.

Mwalimu Lurambi, hukukosea kuhesabu. Kwenye FREQUENCY nambari unayoandika ni mpaka wa juu, na mwenye alama hiyo hiyo anahesabiwa ndani. Ulipoandika 30, uliiambia Excel: nipe walio juu ya 20 mpaka 30 yenyewe. Kwa hiyo mwenye 30 kamili amevutwa chini, na mwenye 20 kamili amevutwa chini zaidi. Hebu tazama orodha yako: bila shaka kuna waliopata 30 kamili zaidi ya waliopata 20 kamili.

Unaweza kuandika 9, 19, 29 na kuendelea, na mambo yatanyooka. Ila ukitoa nusu alama, mwenye 29.5 atarukia kikundi cha juu. Mimi napendelea njia ambayo mipaka yote miwili inaonekana. Weka mwanzo wa kikundi kwenye D na mwanzo wa kikundi kinachofuata kwenye E, yaani 20 na 30, kisha:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$49,">="&D2,$B$2:$B$49,"<"&E2)
```

Kikundi cha mwisho kianzie 90 na E yake iwe 101, la sivyo mwenye 100 atapotea. Kisha jumlisha vikundi vyote. Usipopata 48, usichore chochote bado.

Sasa kwa Kondele. Ushauri wa mapengo ni sahihi kabisa. Wa gredi una tatizo. E yako ina upana wa alama 30, D ina 10. Ukichora urefu kwa idadi, E itakuwa ndefu kwa sababu tu imekusanya eneo kubwa. Kwenye histogramu jicho hupima eneo la nguzo, si urefu pekee. Vikundi visipolingana upana, lazima ugawe idadi kwa upana, na huo mgawanyo ndio unaokuwa urefu. Haya tunayafundisha wenyewe darasani halafu tunayasahau ofisini.

MwalimuLurambi
Mungu akubariki. Kweli, watatu wana 30 kamili, mmoja ana 20 na mmoja ana 40. 11 toa 1 ongeza 3 ni 13. 8 toa 3 ongeza 1 ni 6. Nilikuwa nimeanza kushuku macho yangu.

Kwa COUNTIFS nimepata, kuanzia 0–9: 1, 5, 11, 8, 4, 7, 7, 3, 2, na 90 kwenda juu hakuna. Jumla 48.

Nimejaribu pia gredi za Kondele. E ni 17, D ni 8, kwa hiyo E inaonekana mara mbili ya D. Nikigawa, E ni 17 kwa 30, kama 0.57 kwa kila alama, na D ni 0.8. D ndiyo iliyosongamana zaidi! Picha imegeuka.

Kondele_77
Hapo nimeelewa. Lakini mkuu wa idara bado atauliza gredi.

TakwimuMumias
Mpe gredi kwenye jedwali, mchoro ubaki na kumi kumi. Sasa angalia nguzo zako. Kuna kilima kwenye 20–29, bonde kwenye 40–49 lenye watoto 4 tu, kisha kilima cha pili kati ya 50 na 69. Wastani wako wa 42 umeangukia bondeni, mahali wasipo watoto. Zile nguzo nne za mwanzo zilifunika bonde lote ndani ya 25–49.

Kabla hujalisema kikaoni, sogeza mipaka: anza 5–14, 15–24 na kuendelea. Kwa watoto 48, bonde laweza kuzaliwa na mipaka tu.

NakuruPhysics
Niongeze langu. Muhula uliopita nilipata kilima kirefu cha ajabu kwenye 0–9. Kumbe aliyeingiza alama aliwaandikia waliokosa mtihani sifuri badala ya X. COUNTIFS huipita X bila kuihesabu, lakini sifuri ni alama kama nyingine. Mwalimu, huyo mmoja wako wa 0–9 alifanya mtihani kweli?

MwalimuLurambi
Alifanya, ana 7, karatasi yake ninayo.

Nimesogeza mipaka. Kuanzia 5–14 nimepata 3, 8, 11, 5, 5, 8, 5, 2, 1. Bonde limepungua kina lakini lipo, sasa ni kati ya 35 na 54. Nilidhani ni mikondo miwili imechanganyika, nikatenganisha Mashariki na Magharibi. Kila mkondo una vilima vyake viwili, ingawa kwa watoto 24 kila upande nguzo zinarukaruka.

TakwimuMumias
Basi si mkondo. Chukua karatasi za walio kati ya 20 na 34 uone walikoachia alama, swali kwa swali. Wakiwa wameacha maswali yale yale, tafuta mada. Wakiwa wameacha ya mwisho, huenda ni muda.

Kondele_77
Mimi nadhani ni muda. Watoto wetu huanza vizuri kisha kengele inalia.

MwalimuLurambi
Kumi na moja za 20–29 ninazo mezani, naanza nazo usiku huu. Mbili za kwanza zimeacha vekta tupu kabisa, na vekta lilikuwa swali la tatu.