Pampu imezima Kigoma, mpya imezuiwa Dar: nani anakijua hiki kibali?

Kutoka: Zai (Leeds, kwa sasa Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, salaam. Niko likizo kwa mama. Wiki iliyopita pampu yangu ya insulini ilionyesha ufa pembeni mwa nyumba ya betri, kampuni ikakubali kutuma nyingine huku. Imefika Dar, na ofisi moja inasema haitoki bila kibali cha kuingiza vifaa tiba. Nimewaambia ni ya mgonjwa mmoja, ndiye mimi. Wananiuliza TIN ya kampuni yangu. Kampuni ipi jamani? Barua ya kliniki ya NHS ninayo, imeonwa na imewekwa pembeni.

Leo mchana ile ya ufa nayo imegoma. Iliandika NO DELIVERY, nikabadili seti ya mrija, ikaandika tena, kisha kioo kikazima na betri mpya haikuifufua. Anayejua ni fomu gani, ya TMDA au ya TRA, na nani wa kumpigia, tafadhali.

Kutoka: Hamadi (Kolon)

Dada Zai, pole. Hao wanataka upitie ajenti, mimi gari langu lilikaa bandarini mpaka nikachoka. Tafuta ajenti wa kutoa mizigo.

Kuhusu sukari usiwe na hofu. Nenda duka lolote la dawa uombe Mixtard, ipo kila mahali, piga asubuhi na jioni. Ina ya haraka na ya muda mrefu humo humo.

Kutoka: Mzee Kasanga (Toronto)

Wanangu, mimi baba yenu mdogo nina sukari miaka mingi, natumia vidonge tu. Hizi pampu ni biashara ya wazungu. Zai mwanangu, kaa siku mbili usile ugali, kunywa maji mengi, itashuka yenyewe. Huko Kigoma kuna mboga na samaki, unakosa nini?

Kutoka: Nesi Mwanne (Birmingham, wa Urambo)

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, ushauri huo kwa Zai unaua. Ya kwako ni aina ya pili, kongosho lako bado linatoa insulini kidogo. La Zai halitoi kitu. Asipopata insulini, hata akikaa njaa, mwili utayeyusha mafuta na ketoni zitapanda, na kukaa njaa kutaziongeza.

Zai mdogo wangu, kibali kitasubiri. Ndani ya pampu mna insulini ya haraka peke yake, ikidondoka kidogo kidogo saa zote, ndiyo besali. Huna akiba ya muda mrefu mwilini kama mtu wa sindano. Ikikatika, masaa manne hivi baadaye umebaki mtupu. Umesema mchana, na sasa huko ni saa moja usiku. Nijibu haraka: sukari ngapi, ketoni ngapi, unatapika? Una insulini gani na sindano gani? Besali zako unazikumbuka?

Kutoka: Mama Tunu (Leicester)

Mwanne, umeniwahi. Ila Zai ashukuru pampu yake ilipiga kelele. Mimi nilikuwa kwenye treni kutoka Tabora kuja Kigoma, kanyula, kile kijirija kinachoingia mwilini, ikachomoka nusu chini ya gundi. Pampu ilitulia kabisa, inahesabu bolasi zangu, zile dozi za chakula na za kurekebisha, kama kawaida, kumbe insulini inalowesha nguo. Inajua ilichosukuma, haijui kilichoingia mwilini. Mpaka nilipohisi ile harufu yake ya hospitali ndipo nikapapasa tumbo nikakuta majimaji. Na hata ikiziba kweli, kwa besali ndogo kengele inaweza kuchukua masaa, maana presha inajengeka polepole. Tangu hapo, sukari ikipita 14 bila sababu napima ketoni kwanza. Sibonyezi bolasi mara tatu nikitegemea mrija uleule.

Kutoka: Zai

Shikamoo dada Mwanne. Sukari 17.8, ketoni 1.1. Kichefuchefu kidogo, sijatapika. Chupa ya insulini ya haraka ipo kwenye friji ya jirani, na sindano za U-100 ninazo. Ya muda mrefu sina. Besali nilizipiga picha kabla ya safari:

saa sita usiku hadi kumi alfajiri: 0.7 kwa saa
saa kumi hadi tatu asubuhi: 1.0
saa tatu hadi kumi na moja jioni: 0.75
saa kumi na moja hadi sita usiku: 0.8

Yuniti moja hunishusha 2.5, lengo langu ni 7.

Kutoka: Hamadi (Kolon)

Basi Mixtard yuniti 20 na kazi imekwisha.

Kutoka: Nesi Mwanne (Birmingham)

Hamadi kaka yangu, ngoja. Uko sawa kwamba inapatikana na kwamba ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini sehemu yake ya haraka huwezi kuitenganisha. Akiipiga usiku bila kula itamwangusha, na akitaka kurekebisha sukari atalazimika kuongeza na ile ya muda mrefu ndani yake. Ana chupa ya haraka mkononi, kwa nini ajifunge?

Zai, fuata hesabu, na mtu akae nawe. Una 17.8, unataka 7, tofauti ni 10.8. Gawa kwa 2.5, ni 4 na kidogo, chukua 4. Hizo ni za kurekebisha. Juu yake unadaiwa besali ya masaa manne yajayo: 0.8 mara nne ni 3.2, chukua 3. Piga 7 sasa, kwa sindano, mahali papya mbali na palipokuwa na kanyula. Kunywa maji. Pima vyote viwili baada ya masaa mawili.

Kisha kila masaa manne unalipa besali kwa sindano, usiku huohuo, weka kengele ya simu. Saa tano usiku: saa moja ya 0.8 na tatu za 0.7, jumla 2.9, piga 3. Saa tisa usiku unaingia kwenye alfajiri yako yenye 1.0, jumla 3.7. Kama sukari iko juu ya 8 piga 4, kama iko chini piga 3, na ikiwa chini ya 5 kula kitu kwanza. Chakula kina bolasi yake mbali na hizi, kwa uwiano wako uleule. Ila kurekebisha usirudie ndani ya masaa manne bila kuniuliza, ile ya kwanza bado inafanya kazi.

Ukitapika, au ketoni zikifika 3, au baada ya masaa mawili zikipita 1.5, usiniandikie tena. Nenda hospitali ya Maweni usiku huohuo na useme "aina ya kwanza, pampu imekufa, ketoni zinapanda". Lile neno pampu lisiwachanganye, mgonjwa wa aina ya kwanza aliyekosa insulini wanamjua vizuri. Na piga namba ya dharura ya kliniki yako ya Leeds, wao ndio wenye faili lako, mimi nakusoma kwenye barua pepe.

Kutoka: Athumani wa Ujiji (Oslo)

Tungekuwa na uraia pacha haya ya kuulizwa TIN yasingekuwepo. Mnatuita nyumbani kuwekeza, halafu kifaa cha mgonjwa kinalala ghala. Na hiyo hadhi maalumu ya diaspora nayo, nani ameiona ikitoa kifurushi?

Kutoka: Mama Tunu (Leicester)

Athumani, uraia unahusu nini na kanyula? Fungua mada yako.

Kutoka: Zai

Saa tatu: 13.9, ketoni 0.7. Saa tano: 10.4, ketoni 0.3. Kichefuchefu kimekwisha, nimepiga 3. Mama kakaa mlangoni na tochi kana kwamba ketoni ni wezi. Lakini siwezi kuamka kila masaa manne wiki nzima. Asubuhi nikaombe nini pale duka la dawa?

Kutoka: Nesi Mwanne (Birmingham)

Alhamdulillahi. Ukikuta insulini ya muda mrefu ya glajini, ni sindano moja kwa siku na kazi ni nyepesi. Usipoikuta utapewa Insulatard, ile chupa yenye ukungu. Izungushe viganjani mpaka iwe nyeupe sawasawa, usiitikise. Na pampu mpya ikija usithubutu kuitia humo, ni ya sindano tu.

Jumlisha besali za siku: 2.8, 5.0, 6.0 na 5.6, ni 19.4. Watu hukosea kuhamisha jumla yote ya siku pamoja na bolasi, hapo ndipo sukari inaporomoka. Ni besali tu. Kwa glajini ungeanza karibu na hiyo 19.4. Insulatard ina kilele, kwa hiyo mimi ningepunguza moja ya tano, 16, na kuigawa 8 asubuhi na 8 saa nne usiku. Mwonyeshe daktari wa Maweni hesabu hii kabla hujapiga. Akitaka kugawa theluthi mbili asubuhi na moja usiku, ana sababu zake, msikilize.

Ile ya usiku itapanda alfajiri, pale pale besali yako ilipokuwa 1.0, hiyo inakufaa. Ya asubuhi itapanda mchana wakati ulikuwa unahitaji 0.75 tu. Kwa hiyo chakula cha mchana usikicheleweshe kwa ajili ya kukimbizana na ofisi. Na pima saa nane usiku, angalau siku za mwanzo.

Kutoka: Mama Tunu (Leicester)

Hapo kwenye kugawa sawa sikubaliani, kliniki yangu hunipa kubwa asubuhi. Lakini sibishani na nesi usiku wa manane. Zai, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese uhesabu vizuri. Muhogo ni wanga mtupu, na mawese yanauchelewesha. Kwenye pampu ungegawa bolasi, nusu mwanzo na nusu polepole. Kwa sindano huna hiyo, mimi napiga mbili, ya pili saa moja na nusu baadaye.

Kutoka: Mzee Kasanga (Toronto)

Mmesema migebuka. Kuna anayekuja Toronto mwezi ujao? Iliyokaushwa, si ya kukaanga.

Kutoka: Zai

Asanteni nyote. Nimepata Insulatard, daktari amekubali 8 na 8, akasema nirudi baada ya siku mbili na daftari la vipimo. Ila swali langu la kwanza: kibali, jamani? Ofisi leo wanasema niende mwenyewe Dar.

Kutoka: Hamadi (Kolon)

Ajenti. Nilishasema.

Kutoka: Athumani wa Ujiji (Oslo)

Ajenti wa gari ndiye atakayejua pampu?

Kutoka: Nesi Mwanne (Birmingham)

Kibali sikijui, mwenye kukijua aseme. Mimi nachojua ni ikishafika. Zai, usiivae ikiwa imewaka yote huku Insulatard ya asubuhi bado inafanya kazi. Ivae saa nne usiku, pale ambapo ungepiga ile ya pili, na uiache hiyo. Kama ulipiga glajini, subiri saa 24 zitimie, au uweke besali ya muda iliyopunguzwa mpaka zitimie. Itakuja tupu, ingiza mipangilio yote kutoka kwenye picha, na saa yake uiweke ya saa 24. Niliwahi kukuta pampu iliyowekwa PM badala ya AM, mtu anapata besali ya alfajiri wakati wa jioni, na kila mtu analaumu chakula.

Kutoka: Mama Tunu (Leicester)

Na atakayejibu kuhusu migebuka abadilishe kichwa cha barua, tafadhali.